Salio la benki lilivyotudanganya: miezi minane na akaunti ya mradi wa hosteli

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mwaka 2019 wazazi wa kijiji chetu, upande wa milimani kutoka Mafinga, walinichagua kuwa mweka hazina wa kikundi kilichokuwa kinajenga hosteli ya wasichana katika shule yetu ya sekondari ya kata. Wasichana walikuwa wanapanga vyumba karibu na shule, wawili watatu kwenye chumba kisicho na mlango wa maana, na wazazi wenye binti wanajua hofu ya jambo hilo. Marafiki wa shule walioko Ulaya walikubali kutupa ruzuku ya euro 12,000 kwa awamu mbili: asilimia 60 mwanzoni, asilimia 40 baada ya kupokea na kukubali taarifa yetu ya kwanza. Hayo maneno "na kukubali" niliyasoma siku ya kusaini mkataba na sikuyatilia uzito.

Sharti lao la kwanza lilikuwa akaunti ya pekee. Kikundi kilikuwa na akaunti ya michango ya wazazi, ambayo ndiyo huendesha chakula cha mchana. Karo ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, lakini uji na makande ya watoto wetu vinatokana na makubaliano ya wazazi wenyewe. Mfadhili alisema wazi kwamba fedha yake haitaingia humo. Tukapeleka benki katiba ya kikundi, cheti cha usajili, barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji, vitambulisho vyetu, picha, na muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti na kutaja watia saini watatu: mwenyekiti, katibu na mimi. Kila hundi ilihitaji saini mbili, na mojawapo lazima iwe yangu. Muhtasari huo ulirudishwa mara moja kwa sababu haukutaja jina la akaunti neno kwa neno kama lilivyokuwa kwenye fomu. Tulirudi mlimani, tukakaa upya, tukasaini upya.

Fedha ya awamu ya kwanza ilipoingia mwezi Mei nikaona jambo la kwanza ambalo sikulitarajia. Zilitumwa euro 7,200. Benki iliyoko katikati ilikata 35, zikafika 7,165, na benki yetu ikazibadili kwa shilingi 2,550. Tukapata shilingi 18,270,750. Bajeti yetu ilikuwa imeandikwa kwa kiwango cha 2,600 bila kufikiria makato, yaani 18,720,000. Tulipungukiwa 449,250 kabla ya kununua hata msumari. Hapo nilifanya jambo moja sahihi, nashukuru: nilimwandikia mfadhili wiki ileile, nikaambatanisha karatasi ya benki inayoonyesha kiwango cha kubadilishia na makato, nikauliza tupunguze kifungu gani. Akajibu tupunguze kwenye vitanda vya awamu ya pili. Nimeona vikundi vingine vikinyamaza kuhusu pengo la namna hii halafu vinaandika taarifa kwa kiwango cha siku ya kuripoti. Hesabu haiwezi kufunga hivyo. Kiwango cha taarifa ni kile ambacho fedha yako ilibadilishiwa kweli, kilichoandikwa kwenye karatasi ya benki, hata kama leo kinachotangazwa ni kingine.

Kazi ilikwenda vizuri Juni na Julai. Tofali tulichoma wenyewe, mbao za kenchi zilipatikana bila shida kwa kuwa huku tuko jirani na shamba la miti la Sao Hill, na fundi wetu alikuwa mtu wa kazi. Katikati ya Agosti kuta zilikuwa zimefika lenta na kenchi zinapanda. Nilikwenda Mafinga tarehe 12 nikachukua profoma ya bati: bati 175 kwa shilingi 28,000 kila moja, jumla 4,900,000. Chini ya profoma paliandikwa kwamba bei ni ya siku kumi na nne. Tukapanga kulipa Jumatatu tarehe 26, fundi akiwa amemaliza kenchi.

Jumanne tarehe 20 mwenyekiti akaja nyumbani jioni. Ni mzee ninayemheshimu, amekiongoza kijiji kwa haki.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Mzee. Karibu ndani, nje baridi."

Alikaa, akatoa kikaratasi cha benki mfukoni. Alikuwa amepita Mafinga siku hiyo akauliza salio. Kikaratasi kilisema 6,214,300.

"Mwalimu, mahindi sasa hivi ni elfu hamsini gunia," akasema. "Ukifika Januari hutayashika. Akaunti ya chakula haina kitu mpaka wazazi wauze viazi. Hapa pana milioni sita na laki mbili. Tukitoa ya bati, milioni nne na laki tisa, inabaki milioni moja na laki tatu. Tuazime milioni moja na laki mbili tununue gunia ishirini na nne, wazazi wakiuza tunairudisha. Ni wiki mbili tu. Fedha yenyewe imelala."

Nilipiga hesabu kichwani, nikaona anasema kweli. Alhamisi kamati ikakaa, ikakubali, muhtasari ukaandikwa. Nikatoa hundi ya fedha taslimu kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakwenda mjini, nikarudi na mahindi ya watoto kwenye fuso. Hakuna aliyekula hata senti. Nasema hivyo kwa sababu wengi hudhani matatizo ya akaunti za mradi huanza na mwizi, na sisi hatukuwa naye.

Jumatatu nikaenda benki na hundi ya bati. Dada wa dirishani akaangalia mashine, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, salio halitoshi." Palikuwa na 4,164,300. Nilipungukiwa na 735,700.

Niliketi kwenye benchi la benki nikafungua kitabu cha hundi. Kwenye kishina palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: hundi ya fundi, 850,000, ya tarehe 16 Agosti. Mwenyekiti alipouliza salio tarehe 20, fundi alikuwa bado anatembea na hundi yake mfukoni. Aliipeleka benki Ijumaa tarehe 23. Kwa hiyo zile 6,214,300 za kwenye kikaratasi zilikuwa na 850,000 ambazo hazikuwa zetu tena. Mimi nilikuwa nimeijaza kwenye kishina lakini sikuipandisha kwenye daftari la fedha, kwa sababu nilikuwa nimejizoesha kuandika daftari mwisho wa mwezi taarifa ya benki inapotoka. Nilikuwa nanakili benki. Daftari la fedha kazi yake ni kuijua hundi siku inaposainiwa, kabla benki haijaiona.

Nitaweka hapa usuluhisho wa benki ambao ningeufanya jioni ile mwenyekiti alipokaa sebuleni kwangu. Haukuhitaji hata nusu saa. Unaanza na salio la benki, 6,214,300. Unatoa hundi zilizosainiwa ambazo hazijafika benki, 850,000. Unabaki na 5,364,300. Halafu unachukua daftari lako. Kama lingekuwa limeandikwa vizuri lingesema 5,376,800, na tofauti ya 12,500 ni makato ya benki ya kitabu cha hundi na uendeshaji, ambayo huyajui mpaka uione taarifa yao. Ukiyaandika, pande zote mbili zinasema 5,364,300. Hapo ndipo salio la kweli lilipo. Kutoka hapo toa bati, ambazo tulikuwa tumeshazichagua na kuzipangia tarehe, 4,900,000. Zinabaki 464,300. Hiyo ndiyo fedha pekee iliyokuwa "imelala" tarehe 20 Agosti, na hata hiyo ilikuwa ya misumari na kofia za bati.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Profoma ikaisha muda. Wazazi wakarudisha fedha kidogo kidogo: 500,000 tarehe 9 Septemba, 400,000 tarehe 18, 300,000 tarehe 27. Nilipofika dukani tarehe 30 bati moja ilikuwa 29,500, jumla ikawa 5,162,500, ongezeko la 262,500. Fundi naye hakukaa kutusubiri, alichukua kazi Makambako, na tulimpata tena mwishoni mwa Oktoba. Mvua za kwanza za Novemba zilikuta upande mmoja wa jengo bado uko wazi, na lipu ya vyumba viwili ikabidi irudiwe.

Lakini maumivu makubwa yalikuwa kwenye taarifa. Fomu ya mfadhili ilikuwa rahisi: mapato, kisha vifungu vya bajeti, matumizi ya kila kifungu, na tofauti. Mwisho palikuwa na nafasi ya salio, lazima lilingane na taarifa ya benki ya tarehe 31 Oktoba. Nilijaza kwa uaminifu wote nilionao. Fedha ya mahindi niliitoa kwenye akaunti, basi nikaiandika kwenye matumizi, "mkopo kwa akaunti ya chakula, 1,200,000". Iliporudi niliiandika kwenye mapato, "mapato mengine, 1,200,000". Salio lililingana na benki mpaka shilingi ya mwisho. Nikaridhika.

Baada ya wiki mbili likaja jibu kutoka kwa mhasibu wao, lenye maswali matatu. Mapato mengine yametoka wapi: je, kuna mfadhili mwingine wa jengo hilihili ambaye hawajaambiwa? Kwa nini matumizi yamezidi fedha waliyotuma? Na kwa nini mweka hazina alichukua fedha taslimu 1,200,000 kwa jina lake, hakuna risiti ya kitu chochote cha ujenzi, halafu mtu asiyetajwa akaweka fedha taslimu mara tatu? Mpaka yajibiwe, awamu ya pili imesimama.

Nilisoma barua ile mara nyingi usiku ule, na kwa kweli nililia. Nilipotulia nikajaribu kuisoma kama mtu ambaye hajawahi kufika kijijini kwetu, ambaye hajaona mahindi wala watoto, ambaye ana karatasi tu. Karatasi zilikuwa zinaeleza habari ya mweka hazina aliyechota na kurudisha alipobanwa. Mhasibu yule hakunikosea. Alisoma kilichoandikwa.

Kosa langu la kihesabu lilikuwa hili. Fedha iliyoazimwa si matumizi ya mradi, kwa kuwa haikununua chochote cha mradi. Na ikirudi si mapato, kwa kuwa ni ileile. Nilipoiandika pande zote mbili niliuvimbisha mradi kwa milioni moja na laki mbili: ukaonekana umepata zaidi na umetumia zaidi kuliko kweli. Mkopo wa namna ile ni deni. Ungekuwa haujarudi tarehe 31 Oktoba, ungeandikwa chini ya salio: fedha benki kiasi hiki, tunachodai akaunti ya chakula kiasi hiki. Ukiwa umesharudi wote, haukai popote kwenye jedwali la mapato na matumizi. Unaelezwa kwa maneno, kwenye maelezo yanayofuata jedwali, na ushahidi unaambatanishwa. Kuuficha kwa kuwa "haukai kwenye jedwali" lingekuwa kosa jingine na baya zaidi, maana taarifa ya benki inauonyesha.

Kwanza nilifikiri kuandika barua ndefu ya kueleza hali ya njaa na bei ya mahindi. Binti yangu, ambaye ni mhasibu Iringa mjini, akanizuia. "Mama, wameuliza vitu vitatu. Wape karatasi za vitu vitatu." Tukatuma taarifa iliyosahihishwa bila mkopo upande wowote, barua ya ukurasa mmoja inayokiri kwamba mkopo ulivunja kifungu cha mkataba, muhtasari wa kikao cha tarehe 22 Agosti, stakabadhi ya mahindi yenye saini ya muuzaji na ya mlinzi wa stoo ya shule, ukurasa wa leja ya stoo unaoonyesha gunia 24 zimeingia, na karatasi tatu za kuwekea fedha benki, kila moja na orodha ya wazazi waliochangia. Ile leja ya stoo ndiyo iliyotuokoa. Mwalimu wa chakula huandika kila gunia linaloingia na kila debe linalotoka, kwa hiyo mhasibu wa Ulaya aliweza kuyafuata mahindi mpaka kwenye sufuria.

Kuhusu zile 262,500 za ongezeko la bei ya bati, tuliomba zilipwe na mradi. Walikataa. Walisema bei ilipanda katika siku ambazo fedha ya bati haikuwepo mahali ilipotakiwa kuwepo, kwa hiyo si gharama ya mradi. Baadhi ya wanakamati waliona ni ukatili. Mimi naona walikuwa na haki, na wazazi walizichanga kwenye akaunti ya mradi kwa hati inayosema ni fidia ya nini.

Awamu ya pili ilifika mwishoni mwa Januari 2020 badala ya Novemba. Milango, sakafu na vitanda vikachelewa, na wasichana wa kidato cha kwanza wakaanza muhula wakiwa bado kwenye vile vyumba vya kupanga. Kati yao alikuwamo mjukuu wa mwenyekiti. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko maswali ya mhasibu.

Niliendelea na kazi, ila kwa utaratibu mwingine. Kila hundi sasa inaandikwa daftarini kabla haijatoka mkononi mwangu, na hati ya malipo inajazwa kwanza: nani analipwa, kwa kazi gani, kifungu gani cha bajeti, nani ameidhinisha. Namba ya hati inaandikwa juu ya risiti yake. Kwa vitu vya dukani nadai risiti ya mashine ya EFD na kuitoa kopi siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi zile hufifia. Nilishawahi kufungua faili la miezi minne nikakuta risiti ya saruji imekuwa karatasi nyeupe, na kama si kopi sijui ningeonyesha nini. Mchanga, mawe na vibarua wa kijijini hawana mashine. Kwao tulikubaliana na mfadhili mapema, kwa maandishi, kwamba tutatumia hati yetu yenye jina, namba ya simu, kiasi cha kazi, saini au dole gumba, na saini ya mtendaji wa kijiji kama shahidi. Kukubaliana baada ya kulipa ni kuomba msamaha, na si kila mhasibu ana ruhusa ya kuutoa.

Badiliko lililonisaidia zaidi ni dogo. Daftari la fedha la kawaida lina safu ya kuingia, ya kutoka na ya salio. Mimi niliongeza safu ya nne kwa kalamu nyekundu, nikaiita "imeahidiwa". Profoma ikishakubaliwa, au fundi akishapatana bei, kiasi kinaingia humo siku hiyohiyo hata kama malipo ni ya mwezi ujao. Kando yake naandika kinachobaki. Benki haiijui safu hiyo, na kikaratasi cha salio hakitaionyesha kamwe.

Agosti ya 2020 tulikuwa kwenye nyongeza ya mradi, matangi ya kuvuna maji ya bati la hosteli. Mwenyekiti akaja tena jioni, mahindi yakiwa yamevunwa na bei ikiwa chini. Hakuniomba kitu. Aliuliza tu, "Mwalimu, nyekundu inasemaje?" Nikamfungulia daftari. Kwenye benki palikuwa na zaidi ya milioni tatu, na kwenye kona ya mwisho ya ukurasa palikuwa na 118,000. Aliangalia kwa muda, akafunga daftari mwenyewe, akaniomba nimwandikie tangazo la mkutano wa wazazi wa Jumamosi, ajenda ikiwa moja: kila mzazi alete debe mbili za mahindi badala ya fedha, sasa, yakiwa bado ghalani.